Kwa nini repo hunenepa, na Git huifungaje upya

Kijana mgeni kwenye timu yetu alifika Jumatatu na kompyuta yake, akaombwa aanze kwa kukloni repo ya mfumo wa hesabu za duka la dawa. Msimbo wenyewe, ukiuweka kwenye folda, haufiki megabaiti 15. Saa sita mchana alikuja kuniuliza, kwa adabu ya mtu asiyetaka kuonekana mlalamishi, kama ni kawaida kloni kumla bando la megabaiti 890.

Nikafungua kwangu nikapima:

```
du -sh .git
```

Jibu lilikuwa 1.3G. Yaani kwangu ni kubwa kuliko kwake, ingawa historia ni ile ile. Hapo ndipo kisa kinapoanza kuwa kitamu, kwa sababu tofauti hiyo kati ya gigabaiti 1.3 na megabaiti 890 ina maelezo yake, na tofauti kati ya megabaiti 890 na zile 15 ina maelezo mengine kabisa. Anayezichanganya hizo mbili atapiga `git gc`, amri ya Git ya kusafisha na kufunga repo upya, mpaka jioni bila kuelewa kwa nini repo haipungui.

Wengi wetu tuliingia kwenye Git tukiamini kwamba kila komiti huhifadhi mabadiliko tu: mstari huu umeongezwa, ule umefutwa. Ni imani inayoeleweka, maana `git show` hutuonyesha hivyo hivyo. Lakini hicho tunachokiona hukokotolewa palepale tunapouliza. Kwenye diski, Git huhifadhi yaliyomo kwenye faili yote, mwanzo hadi mwisho, kila faili linapobadilika. Ukiwa na faili la mistari elfu kumi, ukarekebisha nukta moja, kisha ukapiga `git add`, Git huandika nakala mpya nzima ya mistari elfu kumi. Nakala hiyo huitwa blobu. Hubanwa kwa zlib, hupewa jina linalotokana na yaliyomo ndani yake (herufi 40 za SHA-1), na kuwekwa kwenye folda ya `.git/objects`: herufi mbili za kwanza huwa jina la folda ndogo, 38 zilizobaki huwa jina la faili. Pamoja na blobu kuna mti, ambao ni orodha ya majina ya mafaili ya folda moja na blobu zake, na kuna komiti yenyewe, inayoelekeza kwenye mti wa juu na kwenye komiti iliyotangulia. Zote hizi ni objekti, na zikikaa kila moja kwenye faili lake huitwa objekti zilizolegea.

Linus Torvalds alipoanza kuiandika Git mwaka 2005, huo ndio ulikuwa mpango wote. Una faida kubwa: kuandika ni haraka, na hakuna kinachobadilishwa mahali kilipo, kwa hiyo hata umeme ukikatika katikati ya kazi, vya zamani viko salama. Gharama yake ni nafasi. Haya si ya kusimuliwa tu, unaweza kuyaona kwa mikono yako ndani ya dakika mbili:

```
git init jaribio && cd jaribio
head -c 750000 /dev/urandom | base64 > orodha.txt
for i in $(seq 1 20); do
  echo "mstari $i" >> orodha.txt
  git add orodha.txt
  git commit -qm "komiti $i"
done
git count-objects -vH
```

Tumetengeneza faili la takriban megabaiti moja, lenye herufi za bahati nasibu ili zlib isipate pa kulibana sana, kisha tukaliongezea mstari mmoja mfupi mara ishirini. Kwenye majibu tazama `count`: ni 60, yaani blobu 20, miti 20 na komiti 20. Kisha tazama `size`: ni kama megabaiti 15. Tulichoongeza kwa kweli hakifiki baiti mia mbili. Sasa piga `git gc`, halafu pima tena. `count` itakuwa sifuri, `in-pack` itakuwa 60, na `size-pack` itakuwa chini ya megabaiti moja. Hakuna komiti iliyopotea. Unaweza kurudi kwenye komiti ya tatu na kulikuta faili kama lilivyokuwa, herufi kwa herufi.

Megabaiti 14 zimekwenda wapi?

Zimeingia kwenye furushi. Furushi ni faili moja lenye kiambishi `.pack`, linalokaa kwenye `.git/objects/pack`, na pembeni yake huwa na fahirisi yenye kiambishi `.idx` inayosema objekti fulani iko kwenye baiti ya ngapi. Ndani ya furushi Git inaruhusiwa kufanya jambo isilolifanya nje: kuihifadhi objekti moja kwa kuitegemeza kwenye nyingine. Badala ya kuandika blobu nzima, huandika maelekezo ya kuitengeneza, na maelekezo hayo huitwa delta. Lugha ya delta ina maneno mawili tu. La kwanza: nakili baiti kadhaa kutoka kwenye msingi, kuanzia mahali fulani. La pili: weka baiti hizi nilizokupa hapa. Katika jaribio letu, toleo la 19 ni toleo la 20 likiwa limekatwa mstari wa mwisho, kwa hiyo delta yake ni amri chache za "nakili, nakili, nakili" zilizofuatana. Haifiki baiti mia moja, badala ya robo tatu ya megabaiti.

Umeona mwelekeo? La zamani ndilo limetegemezwa kwenye jipya. Mtu angetarajia kinyume chake, kwamba toleo la kwanza liwe zima na yanayofuata yawe mabadiliko. Git hutanguliza lililo kubwa zaidi, na kwa kuwa mafaili mengi hukua kadiri siku zinavyokwenda, lililo kubwa kwa kawaida ndilo jipya. Matokeo yake ni mazuri: toleo unalolihitaji kila siku hupatikana zima bila kazi, na anayelipa gharama ya kufumua mnyororo ni yule anayechimbua mambo ya miaka iliyopita.

Lakini Git hujuaje kwamba blobu hii inafanana na ile? Blobu haina jina la faili ndani yake, na kulinganisha kila objekti na kila nyingine kwenye repo yenye objekti laki tano kusingeisha leo. Kwa hiyo huzipanga foleni kwanza: za aina moja pamoja, zile ambazo njia za mafaili yake zina miishio inayofanana karibu karibu, na katika hizo kubwa mbele. Kisha hupita kwenye foleni na dirisha la objekti 10: kila objekti hujaribiwa dhidi ya zile kumi zilizo jirani yake, na inayotoa delta ndogo zaidi huchaguliwa. Mnyororo nao una kikomo, hatua 50, ili kusoma kitu cha zamani kusigeuke safari ya siku nzima. Ukipiga `git gc --aggressive`, dirisha hupanuliwa hadi 250 na delta zote za zamani hutupwa na kukokotolewa upya. Watu huipenda kwa sababu ya jina lake la kibabe. Kwa repo nyingi nilizowahi kuijaribu, kompyuta ilipiga feni robo saa nikapata punguzo dogo tu.

Sasa turudi kwenye gigabaiti 1.3 zangu. Katika repo ile kuna faili `bei.json`, orodha ya bei za dawa, kama megabaiti 3, na kila siku skripti huirekebisha bei chache na kukomiti. Ikibanwa kwa zlib inakuwa kama kilobaiti 600. Kulikuwa na matoleo yake kama 700. Piga hesabu: 700 mara kilobaiti 600 ni megabaiti 420, na zote zilikuwa zimelegea kwenye diski yangu.

Kwa nini zilegee, wakati seva ilishazifunga? Kwa sababu unapovuta kazi kutoka kwenye seva, Git hupokea furushi dogo, lakini furushi hilo likiwa na objekti pungufu ya 100 hulifumua na kuziacha objekti zimelegea, kila moja ikiwa nzima. Mimi huvuta kila asubuhi, objekti tano au kumi. Kila asubuhi delta ya baiti mia chache iliyosafiri kwenye waya ilikuwa inageuka kuwa kilobaiti 600 kwenye diski yangu. Kijana yeye alikloni mara moja, akapewa furushi moja kubwa lililokwisha kupangwa. Ndiyo maana kwake ni ndogo.

Hapo utauliza, na ni swali la haki: si Git hujisafisha yenyewe? Hujisafisha. Baada ya amri kadhaa za kawaida, kama kuunganisha matawi au kuvuta, hupiga `git gc --auto` kimyakimya. Ila amri hiyo haianzi kazi mpaka objekti zilizolegea zizidi takriban 6700, au mafurushi yazidi 50. Na hata hizo 6700 hazihesabu moja moja. Hufungua folda moja tu, `.git/objects/17`, ikahesabu zilizomo, ikazidisha kwa 256. Kwa kuwa majina ya SHA-1 husambaa sawasawa, folda moja ni sampuli tosha. Ikikuta zimezidi 27 hapo, huanza kufunga. Nilipolijua hili mara ya kwanza nilicheka, lakini ni ujanja wa mtu aliyefikiri.

Kinachosumbua ni kwamba inahesabu vichwa, haipimi uzito. Komiti moja ya bei iliniletea objekti nne: komiti, miti miwili, na blobu. Mara 700 ni 2800. Mbali kabisa na 6700. Megabaiti 420 zilikuwa zimelala pale na mlinzi hajaona sababu ya kuamka. Nilipopiga `git gc` kwa mkono, matoleo yote 700 ya `bei.json` yalijikunja yakawa megabaiti kama 10, na `.git` yangu ikashuka hadi kama zile 890 za kijana. Mpaka hapo furushi limemaliza kazi yake.

Kabla ya kuzifuata hizo 890, kuna uzito mwingine ambao `gc` ndio hasa ulipewa jina kwa ajili yake: takataka. Kwa Git, takataka ni objekti isiyofikika. Anza kwenye kila tawi na kila tagi, fuata komiti hadi komiti ya kwanza kabisa, shuka kwenye miti na blobu zake. Usichokikuta katika safari hiyo hakina mwenyewe. Takataka huzaliwa kila siku bila mtu kukosea. Ukirekebisha komiti ya mwisho kwa `--amend`, ile ya awali haifutwi, inaachwa tu. Ukipiga `rebase`, mlolongo mzima wa komiti za zamani unaachwa. Hata `git add` ya faili uliloghairi kulikomiti imeshaacha blobu.

Git haizoi taka hizo papo hapo, na ni vizuri hivyo. Kwanza kuna daftari la nyendo zako, `reflog`, linalokumbuka kila mahali tawi lako lilipowahi kusimama. Mistari yake inayoelekeza kwenye komiti zilizoachwa hudumu siku 30, ile mingine siku 90, na wakati wote huo komiti hizo huhesabiwa bado zinafikika. Na hata zikishatoka humo, Git haifuti objekti ambayo umri wake haujazidi wiki mbili. Ndiyo maana mtu akikujia analia kwamba amefuta tawi lake la jana, unaweza kumwambia atulie. Na ndiyo maana pia mtu akifuta tawi zito leo kisha akapiga `git gc` leo, haoni tofauti.

Katika matoleo ya Git ya kabla ya 2.41 angeweza hata kuona repo *imekua*. Objekti zisizofikika lakini ambazo muda wake haujaisha zilikuwa haziingizwi kwenye furushi jipya. Zilitolewa zikalegezwa, kila moja na faili lake, delta zikiwa zimefumuliwa. Blobu elfu tatu zilizokuwa zimekaa kwenye megabaiti 5 zinaweza kulipuka zikawa gigabaiti. Dalili yake ni onyo hili:

```
warning: There are too many unreachable loose objects; run 'git prune' to remove them.
```

Tangu 2.41 taka hizo hufungwa kwenye furushi lake la pembeni, pamoja na faili la `.mtimes` linalokumbuka umri wa kila objekti, na tatizo hilo limekwisha. Ukiwa kwenye toleo la zamani, au huna subira, unaweza kuzifupisha tarehe:

```
git reflog expire --expire-unreachable=now --all
git gc --prune=now
```

Fanya hivyo ukijua mambo mawili. Baada ya hapo hakuna wa kukurudishia tawi la jana. Na usiifanye huku dirisha lingine linakomiti au linavuta, kwa maana objekti iliyoandikwa sekunde hii, ambayo tawi bado halijaielekea, kwa `gc` ni takataka kama nyingine. Zile wiki mbili ziliwekwa kwa ajili ya hali kama hiyo.

Nami nilizifupisha. Nikapata megabaiti tatu. Megabaiti 890 zilibaki pale pale zikinitazama.

Ikifika hapo, ujue unachokibeba kinafikika. Si taka, ni historia halali, na `gc` haina ruhusa ya kuigusa. Kilichobaki ni kuuliza furushi lenyewe ni objekti zipi zinalilemea:

```
git verify-pack -v .git/objects/pack/pack-*.idx | sort -k 4 -n | tail -30
```

Safu ya nne ni nafasi inayotumika ndani ya furushi, kwa baiti. Chini ya orodha zikajipanga blobu 24, kila moja kama megabaiti 35, na hakuna hata moja iliyokuwa delta. Blobu haina jina, kwa hiyo unachukua herufi zake za mwanzo na kuzitafuta kwenye historia:

```
git rev-list --objects --all | grep 9c41e07
```

Jibu: `nakala/hifadhidata.sql.gz`. Kuna mtu, miaka miwili kabla yangu, aliona repo ni mahali pazuri pa kuweka nakala rudufu ya hifadhidata. Kila Ijumaa, wiki 24 mfululizo. Kisha akagundua ni wazo baya, akalifuta faili kwa `git rm`, akaandika ujumbe wa komiti "usafi". Faili likaondoka kwenye folda, lakini komiti zile 24 bado zipo, na kila moja inashikilia blobu yake. Mara 35 ni megabaiti 840.

Kinachouma zaidi ni ile `.gz`. Hifadhidata ya Ijumaa hii na ya Ijumaa iliyopita hutofautiana kidogo mno. Zingekomitiwa kama `.sql` tupu, delta ingezikunja kama ilivyokunja bei. Lakini ukibana faili kwanza, badiliko dogo la mwanzoni huvuruga karibu kila baiti inayofuata. Git ikizilinganisha haioni pa kusema "nakili". Ni hivyo hivyo kwa picha za JPEG, video, APK na zipu: kila toleo ni uzito mpya mzima. Na hata faili lisilobanwa, likizidi megabaiti 512, Git kwa chaguo lake la kawaida haijaribu kulitengenezea delta kabisa.

Dawa ni moja, nayo ni chungu: kuandika historia upya. Nilikloni nakala safi, nikaweka chombo kiitwacho `git filter-repo`, ambacho hakiji na Git yenyewe, na nikapiga:

```
git filter-repo --invert-paths --path nakala/
```

Kinapita komiti zote, kinaitoa folda ya `nakala/` kila ilipo, kisha kinapiga `gc` chenyewe. Kinaondoa pia anwani ya `origin`, makusudi, ili usisukume kwa mazoea kabla ya kufikiri. Nikapima: megabaiti 50. Ila kila komiti kuanzia ile Ijumaa ya kwanza imepata jina jipya, kwa kuwa jina hutokana na yaliyomo na jina la komiti ya mzazi ni sehemu ya yaliyomo. Kwa Git, hiyo ni historia nyingine iliyofanana sura na ya kwanza. Nikasukuma kwa nguvu matawi yote, nikamwomba anayeitunza seva apige `gc` upande wake, maana seva nayo ina taka zake sasa, na nikawaandikia wote: futeni kloni zenu, mkloni upya, msivute.

Kijana alikloni upya kwa megabaiti 50 na akasema asante mara mbili.

Alhamisi nikapima kloni mpya nikakuta 890. Mwenzetu mmoja alikuwa likizo wakati ujumbe unatumwa. Aliporudi akafanya analolifanya kila siku: akavuta, Git ikamuunganishia historia yake ya zamani na ile mpya kwa komiti moja ya kuunganisha, akasukuma. Ukitazama `git log --graph` ulikuwa unaona kila komiti tangu ile Ijumaa ya kwanza mara mbili, njia mbili zinapanda sambamba toka chini na kukutana juu. Nakala zote 24 zilikuwa zimerudi, zikifikika kihalali kabisa. Nikarudia kazi yote, na safari hii, kabla ya kusukuma, nilikwenda kwenye meza yake tukalifuta folda lake la zamani pamoja.